Benzini katika Petroli: Kwa Nini Ulinzi wa Wahudumu wa Sheli na Mafundi Hauanzii kwenye Barakoa

Pikipiki inapoingia sheli kuweka mafuta ya elfu tano, mara nyingi dereva hata hashuki. Anafungua kifuniko cha tangi lililo katikati ya mapaja yake, mhudumu anaingiza ncha tu ya nozeli, kisha wote wawili wanainamisha vichwa kutazama mafuta yanavyopanda, kwa sababu tangi la pikipiki halina shingo ndefu kama la gari na kile kifaa kinachoikata pampu chenyewe hakitegemeki hapo. Kwa muda huo wote nyuso mbili ziko juu kabisa ya tundu linalotoa hewa. Dereva ataondoka na huenda asirudi mpaka kesho, lakini mhudumu ataigeukia pikipiki iliyo nyuma yake, na nyingine baada ya hiyo, mpaka zamu iishe.

Kinachotoka katika tundu lile si hewa tupu. Juu ya petroli iliyomo tangini daima kuna mvuke wa petroli yenyewe, na kila lita moja ya mafuta inayoingia inausukuma nje mvuke wa ujazo ule ule. Ndani ya mvuke huo mna benzini, kimiminika kisicho na rangi chenye fomula C6H6, kinachochemka kwenye nyuzi 80 za Selsiasi na ambacho kwa hiyo hakisumbuki kugeuka hewa katika joto la kawaida la pwani. Benzini haiwekwi katika petroli kwa makusudi: imo kidogo katika mafuta ghafi, na nyingine huzaliwa kiwandani pale mafuta yanapochakatwa ili injini isigonge. Umoja wa Ulaya, ambao zamani uliruhusu hadi asilimia 5 ya ujazo, ulishusha kiwango hicho hadi asilimia 1 kuanzia mwaka 2000.

Asilimia moja inasikika kama kitu kidogo, na hapo ndipo hesabu inapofaa kufanywa. Chukua petroli yenye asilimia 1 ya benzini katika joto la nyuzi 30. Mvuke uliotulia juu yake utakuwa na benzini ya takriban sehemu 2,000 kwa kila sehemu milioni za hewa. Gari moja likiweka lita 40, hutoka lita 40 za mvuke, na ndani yake mna kama mililita 80 za benzini iliyo katika hali ya gesi, yaani robo gramu hivi. Sasa tujiulize hewa safi ya kiasi gani inahitajika ili robo gramu hiyo izimuliwe mpaka kufikia sehemu 0.5 kwa milioni, kiwango ambacho Ulaya ilikiweka kuwa ukomo wa wastani wa saa nane za kazi mwaka 2024. Jibu ni mita za ujazo 160, sawa na ukumbi wa mita nane kwa saba wenye dari ya mita tatu. Hayo ni ya gari moja tu. Uwanja wazi wenye upepo unaifanya kazi hiyo ya kuzimua bila malipo, na ndiyo sababu vipimo vya wastani vya wahudumu wengi si vya kutisha kama hesabu hii inavyoonekana. Lakini upepo huizimua hewa ya uwanja. Ile iliyoko futi moja kutoka tundu la tangi, ambayo ndiyo anayoivuta aliyeinama, haiwahi kuzimuliwa.

Hoja yangu katika makala hii inatokana na hesabu hiyo. Mjadala wa afya ya wahudumu na mafundi katika miji yetu hukimbilia barakoa na maziwa ya kunywa baada ya kazi. Maziwa hayana kazi yoyote hapa, na barakoa, kama nitakavyoeleza, ni ulinzi wa mwisho kabisa. Mvuke unatakiwa kukatwa pale unapotokea, na hatua nyingi za kuukata ni za bei nafuu kiasi kwamba kutozichukua hakuwezi kutetewa kwa kisingizio cha gharama.

Kabla ya hatua hizo, ni vizuri kueleza kwa nini kitu kinachoingia kwa njia ya mapafu kinaleta saratani ya damu. Swali hili huwatatiza wengi, na jibu lake ndilo linaloonyesha ni kipimo gani cha hospitali chenye maana na kipi hakina.

Karibu nusu ya benzini inayovutwa hubaki mwilini. Yenyewe kama ilivyo haifanyi madhara makubwa katika chembe za urithi. Tatizo linaanzia katika ini, ambalo hujaribu kuiyeyusha katika maji ili itoke na mkojo. Kimeng'enya kimoja cha ini, kiitwacho CYP2E1, huibadilisha kwa hatua kadhaa mpaka ikazaa fenoli na hidrokwinoni. (Kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachochochewa na pombe, kwa hiyo mhudumu anayekunywa kila siku ana ini lenye kasi zaidi ya kutengeneza sumu hizi.) Sehemu kubwa ya mazao hayo hutoka salama. Yanayobaki husafiri na damu mpaka katika uboho wa mifupa, kiwanda ambamo chembechembe zote za damu hutengenezwa, na kwa bahati mbaya uboho una kimeng'enya chake chenyewe, mieloperoksidesi, ambacho kazi yake ya halali ni kuzipa chembechembe nyeupe silaha za kuulia bakteria. Kimeng'enya hicho huigeuza hidrokwinoni kuwa kwinoni, kemikali kali inayojibandika kwenye protini zilizo karibu nayo, zikiwamo zile zinazofungua na kufunga nyuzi za kromosomu wakati seli inapojigawa.

Kwa hiyo ini huianza kazi na uboho huimalizia, na madhara hutokea mahali pabaya kuliko pote, kwenye seli mama za damu. Baadhi yake hufa, na mtu akiwa amevuta kiasi kikubwa kwa muda mrefu uboho wake huweza kukauka kabisa, hali ambayo kwa kitaalamu ni anemia ya kukauka kwa uboho. Nyingine hazifi. Huendelea kuishi zikiwa na kromosomu zilizovunjika au zilizopotea kipande, hasa kromosomu ya 5 na ya 7, na baada ya miaka kadhaa mojawapo huanza kuzaliana bila mpangilio. Hiyo ndiyo lukemia kali ya aina ya mieloidi, saratani ya damu ambayo uhusiano wake na benzini umethibitishwa kuliko nyingine zote.

Ushahidi wenyewe ulianza kwa mafundi viatu, si kwa wauza mafuta. Huko Istanbul, daktari Muzaffer Aksoy aliona wagonjwa wa lukemia wakitoka katika karakana ndogo za viatu na mikoba, ambako gundi iliyoyeyushwa kwa benzini ilipakwa kwa mkono katika vyumba visivyo na madirisha ya kutosha. Mwaka 1974 alichapisha taarifa ya wagonjwa 26 wa lukemia kali au hali inayoitangulia miongoni mwa mafundi viatu 28,500. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2004, watafiti walichapisha vipimo vya wafanyakazi 250 wa viwanda vya viatu vya Tianjin, China, wakiwalinganisha na wengine 140 wasiofanya kazi na benzini, na wakakuta chembechembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimepungua hata kwa wale waliovuta chini ya sehemu 1 kwa milioni, kiwango ambacho sheria ya Marekani ilikihesabu, na bado inakihesabu, kuwa ukomo unaoruhusiwa.

Haki inadai isemwe: mhudumu wa sheli havuti kiasi alichokivuta fundi viatu wa Istanbul, na lukemia ya aina hii ni ugonjwa adimu, hivyo wahudumu walio wengi hawataugua. Hata hivyo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo benzini ilikuwa tayari katika kundi lake la kwanza kwa miongo kadhaa, mwaka 2025 liliiweka petroli yenyewe katika kundi hilo hilo la visababishi vilivyothibitishwa kwa binadamu, likitaja lukemia hiyo na saratani ya kibofu cha mkojo. Ubishi wa kama petroli inahusika umekwisha. Kilichobaki ni swali la kiasi, na kiasi ndicho kinachoweza kudhibitiwa.

Kwa upande wa sheli, nchi inayofaa kutazamwa ni Brazili, kwa sababu tangu mwaka 2000 sheria yake inakataza mteja kujiwekea mafuta mwenyewe, na hivyo ina jeshi la wahudumu kama letu. Mwaka 2016 Brazili ilitoa kanuni za kazi zinazohusu benzini katika vituo vya mafuta peke yake. Ukizisoma unashangaa jinsi zilivyo za kawaida. Zinakataza kuendelea kujaza baada ya nozeli kujikata. Zinakataza kufuta mafuta yaliyomwagika kwa kitambaa au tambara. Zinamtaka mwajiri ndiye afue sare, si mhudumu aipeleke nyumbani. Zinakataza kunyonya mafuta kwa mdomo. Na zinadai kipimo cha damu kila baada ya miezi sita.

Chukua lile la kwanza. Kwenye ncha ya nozeli kuna tundu dogo linalovuta hewa, na mafuta yakipanda mpaka kuliziba, pampu hujikata kwa mlio tunaoufahamu wote. Baada ya mlio huo huanza mchezo wa kubonyeza kidogo kidogo, ama mteja amesema jaza mpaka juu, ama hesabu imesimama kwenye 38,700 na mhudumu anataka itimie 39,000 ili asitafute chenji. Kila mbonyezo wa namna hiyo unamwita mhudumu ainame asikilize na atazame, na mara nyingi unamwaga. Kilichomwagika kinafutwa kwa tambara, tambara linarudi katika mfuko wa suruali, na kuanzia hapo mhudumu anatembea na chanzo cha mvuke kilichoegemezwa kwenye paja lake, kikipenya ngozi kwa chini na kupanda puani kwa juu, mpaka jioni. Kulikataza hilo hakuhitaji mashine yoyote. Kunahitaji meneja atamke kwamba mlio wa kwanza ndio mwisho, na abandike tangazo ukutani ili mhudumu asibaki kugombana na mteja peke yake.

Kwa pikipiki, ambako mlio hautegemeki, dawa ni mwendo mdogo wa pampu, kusimama upande unaotoka upepo, na kuutazama mzunguko wa tarakimu badala ya kulitazama tundu. Tangi la pikipiki linajulikana ujazo wake na dereva anajua kilichobaki. Ukiuliza kwanza, huhitaji kuchungulia.

Kuna saa moja katika juma ambayo ni mbaya kuliko nyingine zote, nayo ni ya kupakua lori. Lita 30,000 zikishushwa katika tangi la chini ya ardhi, lita 30,000 za mvuke lazima zitoke, na kwa hesabu yetu ya juu hizo zimebeba karibu gramu 190 za benzini. Kama sheli ina mpira wa kurudishia mvuke, ule mvuke hurudi katika lori na kupelekwa ghalani. Kama haina, au mpira upo lakini hakuna anayejishughulisha kuuunganisha, hutoka kwa bomba la kupumulia, na kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa hushuka na kutambaa uwanjani. Anayefungua kifuniko wakati huo ili apime kina kwa fimbo hupokea usoni kiasi ambacho pengine hakipati katika zamu nzima ya pampu. Kipimo kifanywe kabla ya kupakua na baada ya mafuta kutulia, au sheli iweke kipimo cha umeme kinachosomeka ofisini, ambacho wamiliki wengi hukinunua kwa sababu ya wizi na ambacho bila kukusudia kinalinda uboho wa wahudumu wao.

Gereji ni habari nyingine. Huko hakuna tarakimu wala mwajiri anayeeleweka, na petroli imegeuka sabuni. Dumu hukatwa ubavuni, humiminwa lita mbili tatu, na fundi au kijana anayejifunza huzamisha mikono mitupu akisugua kabureta na beringi kwa brashi kwa muda mrefu, kisha hunawa grisi kwa petroli ile ile. Hapa dozi huja kwa njia mbili kwa pamoja, kwa ngozi na kwa pumzi, tena mara nyingi chini ya bati lisilo na upepo.

Mabadiliko yenye faida kubwa kuliko yote ni kubadilisha kimiminika. Mafuta ya taa huanza kuchemka karibu na nyuzi 150, dizeli juu zaidi, na kwa kuwa benzini huchemka kwenye 80, ilishaachwa nyuma wakati wa kuyatenganisha kwa joto kiwandani. Yote mawili huondoa grisi vizuri, ingawa hukauka polepole na huikausha ngozi, hivyo glavu bado zinahitajika. Kikwazo ni bei, na hapa serikali zetu zimehusika bila kukusudia. Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2018 zilipandisha tozo za mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji, hatua iliyokuwa na sababu zake, lakini ikamwondolea fundi unafuu wa kuyatumia kusafishia. Dizeli iliyochujwa kwa kitambaa na kutumiwa tena kwa siku kadhaa bado ni nafuu kuliko petroli, kwa sababu petroli ya kwenye dumu hupotea hewani mchana mmoja. Anayeitumia petroli anainunua upya kila siku.

Thina na vimiminika vya kusafishia breki vinahitaji tahadhari ya aina nyingine, maana havisemi vimebeba nini. Toluini isiyosafishwa vizuri huweza kuwa na benzini ndani yake. Mnunuzi wa jumla aombe karatasi ya usalama wa bidhaa na atafute namba 71-43-2, ambayo ni kitambulisho cha benzini popote duniani, kwa lugha yoyote. Thina isiyo na lebo inayouzwa kwa chupa ya maji haina karatasi, na kwa maoni yangu haifai kuingia gereji.

Nirudi kwenye barakoa. Ya kitambaa au ya hospitali huzuia vumbi na mate, na mvuke hupita humo kama haipo. Inayofaa ni ile ya mpira yenye kichujio cha mkaa cha mivuke ya kikaboni, chenye utepe wa rangi ya kahawia kwa mfumo wa Ulaya, na hata hicho hujaa, tena upesi zaidi katika joto na unyevu. Wengi huambiwa wakibadilishe wakisikia harufu. Kwa benzini ushauri huo ni hatari, kwa sababu watu wengi hawaisikii mpaka iwe juu ya ukomo wa kazi mara nyingi, na pua ya aliyekaa na petroli miaka mitano imekwisha kuizoea. Kichujio kibadilishwe kwa ratiba, na kitumike kwa kazi fupi kama kupuliza rangi, si kwa zamu nzima ya saa kumi na mbili juani. Glavu nyembamba za nitraili hufaa kwa matone, na zikilowa hutupwa. Zile za mpira wa kawaida hupenywa haraka.

Kuhusu damu, kipimo kinachohitajika kinapatikana katika hospitali za wilaya: picha kamili ya damu pamoja na mchanganuo wa chembechembe nyeupe. Kosa la kawaida ni jinsi kinavyosomwa. Watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na idadi ndogo ya chembechembe nyeupe aina ya nyutrofili bila ugonjwa wowote, kwa hiyo ukomo wa chembechembe nyeupe 4,000 kwa kila mikrolita ya damu uliokopwa katika vitabu vya Marekani utawaita wagonjwa watu wazima wa afya, na daktari akishazoea kuwapuuza hao, atampuuza pia yule ambaye kweli anashuka. Malaria nayo hushusha chembe sahani kwa muda. Dawa ya mkanganyiko huo ni kumlinganisha mtu na nafsi yake. Mhudumu apimwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kisha kila miezi sita, na namba zipangwe katika mstari mmoja. Mtu aliyeanza na chembechembe nyeupe 4,200 na miaka mitatu baadaye ana 4,100 hana tatizo. Aliyeanza na 7,500 akashuka hadi 6,000, kisha 4,800, bado yuko ndani ya kiwango cha maabara, na ndiye wa kuondolewa kwenye pampu leo. Kwa chembe sahani, kanuni za Marekani huhesabu pungufu la zaidi ya asilimia 20 kutoka kipimo kilichotangulia kuwa sababu ya kurudia kipimo ndani ya wiki mbili na kutafuta chanzo.

Mstari huo wa namba hauna thamani kama unapotea. Wahudumu hawadumu katika sheli moja, na lukemia huweza kujitokeza miaka kumi baada ya mtu kuacha kazi, wakati sheli imebadilisha mmiliki mara mbili. Marekani humtaka mwajiri azihifadhi kumbukumbu za afya kwa muda wote wa ajira na miaka 30 zaidi. Kwetu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ya Tanzania, na ya 2007 ya Kenya, zinamlazimu mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi, lakini mhudumu anayeondoka kwa kawaida hupewa mshahara wake wa mwisho bila karatasi. Adai nakala ya kila kipimo na barua inayotaja tarehe za kuanza na kuacha na kazi aliyokuwa akiifanya. Siku atakapofika kliniki na uchovu usioisha, fizi zinazotoka damu na homa zinazorudi kila zinapotibiwa, daktari atakuwa na sababu ya kuagiza picha ya damu kabla ya kuandika dozi ya tatu ya malaria, na kama ni lazima kudai fidia, barua ile ndiyo itakayoonyesha petroli ilivutwa wapi na kwa miaka mingapi.